Namba Moja, Masikio Tofauti: Kusoma Audiogramu Kibera na Kawangware

Tuchukue watu wawili wa mfano. Wa kwanza ni msichana wa miaka 9 kutoka Gatina, Kawangware, ambaye masikio yake yamekuwa yakitoka usaha tangu utotoni. Wa pili ni fundi wa chuma wa miaka 38 anayekata na kuchomelea milango na madirisha kando ya barabara huko Kibera. Wote wawili wamepimwa masikio, na kila mmoja amepewa karatasi yenye mchoro. Chini ya mchoro mtaalamu ameandika wastani wa sikio lenye nafuu. Kwa msichana ni desibeli 27.5. Kwa fundi ni desibeli 27.5 vilevile.

Kwa viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa katika ripoti yake ya usikivu ya mwaka 2021, wastani wa desibeli 20 hadi chini ya 35 huitwa upotevu hafifu. Basi wote wawili wana upotevu hafifu. Mzazi akisikia neno hilo hurudi nyumbani akiwa ametulia, na fundi hurudi kwenye grainda yake. Lakini masikio hayo hayafanani hata kidogo. Sehemu kubwa ya kile alichopoteza msichana inaweza kurudi akitibiwa. Alichopoteza fundi hakirudi. Tofauti hiyo haionekani kwenye wastani. Inaonekana kwenye umbo la mistari, na mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kufundishwa kuisoma.

Karatasi yenyewe ina pande mbili za kuangalia. Juu, kutoka kushoto kwenda kulia, kuna namba za hezi, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde: 250, 500, 1000, 2000, 4000, 8000. Kila hatua ni mara mbili ya iliyotangulia, na katikati yake 3000 na 6000 pia zinaweza kupimwa. Kushoto kuna sauti nene, kama mngurumo wa lori linalopanda mlima. Kulia kuna sauti nyembamba, kama filimbi ya refa. Ubavuni, kutoka juu kwenda chini, kuna desibeli, yaani ukubwa wa sauti, kuanzia toa 10 hadi 120. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu mchoro huu umegeuzwa: alama iliyo juu ni nzuri, na iliyo chini ni mbaya. Inaonyesha sauti ililazimika kukuzwa kiasi gani ndipo mtu akaisikia.

Sufuri ya juu haina maana ya kimya. Ni kiwango ambacho vijana wenye masikio mazima, kwa wastani, huanza kusikia mlio wa hezi hizo. Ndiyo maana wapo watu wanaosikia hata kwenye toa 5 au toa 10. Tena desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti huzidishwa mara kumi. Anayehitaji desibeli 60 ili asikie mlio ambao mwenzake anausikia kwa 10 amehitaji nguvu ya sauti iliyozidishwa mara 100,000. Kwa hiyo mteremko unaoonekana mdogo kwenye karatasi si mdogo kwa mwenye sikio.

Sikio la kulia huchorwa kwa duara, mara nyingi jekundu. La kushoto huchorwa kwa alama ya X, mara nyingi ya buluu. Ikiwa karatasi imetolewa nakala isiyo na rangi, duara na X ndizo za kutegemea. Alama yenye mshale unaoelekea chini ina maana kwamba mashine ilifika mwisho wa nguvu zake na mtu hakuitikia.

Kila alama imepatikana kwa utaratibu uleule. Mtu huvaa vipokea sauti masikioni, hukaa bila kuiona mashine, na hubonyeza kitufe au kuinua mkono kila anaposikia mlio, hata ukiwa wa mbali sana. Kawaida huanzwa na sikio ambalo mwenyewe anasema ni zima, kwenye hezi 1000. Akisikia, sauti hupunguzwa kwa desibeli 10. Asiposikia, huongezwa kwa 5. Mpimaji hupanda na kushuka hivyo mpaka apate kiwango cha chini kabisa ambacho mtu amekiitikia angalau mara mbili kati ya tatu sauti ikipanda. Hapo ndipo alama huwekwa. Mtoto mdogo asiyeweza kufuata kitufe anaweza kupewa vifuniko vya soda na kopo, akatia kimoja kila anaposikia.

Sasa tuusome mchoro wa fundi. Katika sikio lake la kulia, duara ziko hivi: desibeli 10 kwenye hezi 250 na 500, 15 kwenye 1000, 25 kwenye 2000. Kisha mstari unaporomoka: 45 kwenye hezi 3000 na 60 kwenye 4000. Baada ya hapo unapanda tena, 50 kwenye 6000 na 35 kwenye 8000. Sikio la kushoto linafuata njia hiyohiyo, ila kwenye 4000 limefika 65. Upande wa kushoto wa karatasi mistari ni ya kijana, upande wa kulia kuna shimo, na shimo lenyewe lina ukingo wa pili.

Shimo hilo la karibu na hezi 4000 ndilo alama ya kelele. Sikio la ndani ni mfereji uliojikunja kama gamba la konokono, umejaa majimaji na kupangwa chembe zenye vinyweleo. Chembe za karibu na mlango huitikia sauti nyembamba, na za ndani kabisa huitikia sauti nene. Kelele nyingi za kazini huwa na nguvu katika hezi za kati, na tundu la sikio lenyewe huzikuza zaidi sauti za karibu na hezi 3000. Madhara hutokea juu kidogo ya pale kelele ilipo na nguvu, kwa hiyo chembe zinazohusika na hezi 3000 hadi 6000 ndizo hufa mapema. Chembe hizo kwa binadamu hazioti tena. Uzee nao hula sauti nyembamba, lakini wenyewe huteremka moja kwa moja hadi 8000 bila kupanda. Kupanda kule kwenye 8000 ndiko kunakomwonyesha mpimaji kwamba hapa umri pekee hautoshi kuwa maelezo, na kwamba lazima aulize juu ya kazi. Fundi huyu akiendelea hadi afike miaka 60, uzee utaushusha ule ukingo wa pili, shimo litafunikwa ndani ya mteremko, na ushahidi wa kelele utakuwa umepotea kwenye karatasi.

Wastani unafichaje jambo kubwa hivyo? Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, huchukuliwa hezi nne: 500, 1000, 2000 na 4000. Kwa fundi ni 10, 15, 25 na 60. Jumla ni 110, ukigawa kwa nne unapata 27.5. Hezi tatu zilizo nzima zimeifunika moja iliyoumia. Zipo kliniki zinazotumia bado wastani wa hezi tatu, 500, 1000 na 2000. Kwa hesabu hiyo fundi anapata chini kidogo ya 17, na karatasi yake inaweza kusema kwamba usikivu wake ni wa kawaida. Mtu huyo amekwenda kulalamika kwamba hasikii vizuri, akarudishwa na karatasi inayomwambia anasikia. Hilo ni kosa la usomaji, na mashine haina lawama.

Malalamiko yake ni ya kweli, na mchoro unaeleza kwa nini. Nguvu kubwa ya maneno tunayosema imo kwenye irabu na sauti kama m na n, ambazo ziko chini ya hezi 1000. Hizo fundi anazisikia barabara, ndiyo maana akiitwa anageuka. Lakini sauti kama s, f na th ziko juu, kuanzia karibu na hezi 4000, na katika mazungumzo ya kawaida nguvu yake ni kama desibeli 20 hadi 30 tu kwenye karatasi hii. Alama ya fundi kwenye 4000 iko kwenye 60. Kwake hizo sauti hazipo. Mteja akisema “fika”, “pika” au “shika”, mwisho wa neno anaupata na mwanzo anaukisia. Chumbani na mtu mmoja aliyemkabili, midomo na maana ya mazungumzo humsaidia. Kwenye stendi ya matatu, ambapo mngurumo wa injini unafunika zile sauti nene alizobaki nazo, anabaki na kichwa kinachotikiswa ili kuficha kwamba hakuelewa. Nyumbani huambiwa anajifanya hasikii.

Kenya ina kanuni za kelele mahali pa kazi tangu mwaka 2005. Kanuni hizo zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele ya wastani unaozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika siku moja, na zinakataza kishindo chochote kinachozidi 140. Kiwandani kuna mwajiri wa kuulizwa. Kando ya barabara, fundi ni mwajiri na mwajiriwa, na grainda ya jirani haimsubiri avae kinga. Kwa watu wa jua kali, audiogramu inayorudiwa kila mwaka au miaka miwili ndiyo karibu ulinzi pekee unaoandikwa, na thamani yake iko kwenye hezi 3000, 4000 na 6000, si kwenye wastani. Shimo la desibeli 25 kwa kijana wa miaka 22 ni habari kubwa kuliko wastani wowote, kwa sababu linaonekana kabla yeye mwenyewe hajahisi lolote.

Jambo moja linaweza kuliongezea shimo hilo kina kisicho chake. Sikio lililotoka kwenye kelele huchoka kwa saa kadhaa, na alama zake hushuka kwa muda kisha kurudi. Fundi akiacha kazi saa nane mchana na kupimwa saa tisa, karatasi itaonyesha uchovu pamoja na madhara ya kudumu, bila kuvitenganisha. Kwa hiyo hupimwa baada ya kupumzika mbali na kelele kwa angalau saa 14, na kwa mtu wa Kibera hiyo maana yake ni asubuhi, kabla ya kufungua kazi, tena awe hakulala karibu na spika za baa.

Turudi kwa msichana wa Gatina. Sikio lake la kulia, lenye nafuu, lina duara kwenye desibeli 40 kwa hezi 250, 35 kwa 500, 30 kwa 1000, 20 kwa 2000 na 25 kwa 4000. Jumla ya zile nne za wastani ni 110, kama ya fundi. La kushoto ni baya zaidi: 45, 40, 30 na 40, wastani karibu 39. Mistari yote miwili imelala, na ukiangalia vizuri utaona imezama zaidi upande wa sauti nene. Hakuna shimo.

Mpaka hapa karatasi imesema sauti zipi na kiasi gani, lakini haijasema ugonjwa uko wapi. Kwa hilo kuna kipimo cha pili. Mpimaji huondoa vipokea sauti na kuweka kidude kidogo kinachotetema kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mtetemo hupita kwenye fuvu na kufika sikio la ndani moja kwa moja, bila kupitia tundu la sikio, ngoma ya sikio wala vile vifupa vitatu vya katikati. Alama zake ni mabano yenye ncha, < kwa kulia na > kwa kushoto. Kwa fundi, alama za mfupa zinaangukia karibu palepale penye alama za hewa, kwa maana kwamba hata njia ikirukwa, sikio la ndani lenyewe halisikii. Kwa msichana, alama za mfupa ziko juu kabisa, kwenye desibeli 5 na 10, huku zile za hewa zikiwa chini. Kati yake kuna nafasi tupu, ya kama desibeli 20 kulia na 30 kushoto.

Nafasi hiyo ndiyo habari njema ya karatasi nzima. Inasema kwamba sikio la ndani ni zima, na sauti inazuiwa njiani. Usaha na tundu kwenye ngoma ya sikio huleta picha kama hii. Nta iliyoziba nayo huleta picha kama hii, ndiyo maana hakuna anayepaswa kuisoma audiogramu ya mtu ambaye masikio yake hayajachunguliwa kwanza.

Lakini nafasi hiyo inaweza kudanganya, na huu ndio mtego mkubwa wa usomaji. Fuvu ni kitu kimoja. Kidude kikiwekwa nyuma ya sikio la kushoto, mtetemo hufika masikio yote mawili ya ndani karibu kwa nguvu sawa, na mtoto hubonyeza kitufe bila kujua ni lipi lililosikia. Tuseme sikio lake la ndani la kushoto limekufa. Alama ya > bado itaandikwa kwenye desibeli 10, kwa sababu la kulia limejibu kwa niaba yake. Mzazi ataambiwa kuna njia iliyozibwa, kumbe hakuna kitu upande wa pili wa njia hiyo. Ili kuzuia hilo, mpimaji hutia kelele ya mvumo kwenye sikio lisilopimwa ili lishughulike, kisha hurudia kipimo. Alama zilizopatikana hivyo huandikwa kwa mabano ya pembe mraba, [ kwa kulia na ] kwa kushoto. Basi karatasi ikiwa na mabano yenye ncha tu, na mtu anataka kuamua matibabu ya sikio moja, kazi haijakwisha.

Vipokea sauti vya kawaida vina tatizo hilohilo kwa kiasi kidogo. Sauti ikifika kama desibeli 40 au zaidi juu ya uwezo wa sikio la pili, huanza kuvuka kichwa. Ndiyo sababu sikio lililokufa kabisa, likipimwa bila kelele ya kuziba upande wa pili, huonekana kama lina upotevu wa desibeli 50 au 60 unaofuata umbo la sikio zima. Mstari wa sikio bovu unaofanana mno na wa sikio zima, ukiwa chini yake tu, unapaswa kutiliwa shaka.

Ikithibitishwa kwamba nafasi ya msichana ni ya kweli, je, dawa huisaidia? Ushahidi mzuri ulitoka jirani tu na Kawangware, katika shule za msingi za Kiambu, na ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996. Watoto 524 wenye masikio yanayotoka usaha waligawanywa katika makundi. Waliokaushwa sikio na kupewa matone yenye antibiotiki na steroidi, pamoja na antibiotiki ya kumeza, usaha ulikauka katika asilimia 51 ya masikio ndani ya wiki 16. Waliokaushwa kwa pamba peke yake ni asilimia 22, na wasiotibiwa kabisa ni asilimia 22 vilevile. Watoto ambao masikio yao yalikauka walisikia vizuri zaidi kwenye kipimo. Kwa mzazi anayesafisha sikio kila asubuhi akidhani inatosha, zile asilimia 22 mbili zinasema wazi kwamba haitoshi.

Pia zinaeleza kwa nini karatasi moja haitoshi kwa mtoto wa aina hii. Kipimo cha leo ni cha sikio lililojaa usaha. Kinachohitajika ni cha pili, miezi mitatu au minne baadaye, sikio likiwa limekauka, ili ionekane nafasi kati ya hewa na mfupa imepungua kiasi gani. Ikibaki vilevile, tundu halijaziba au vifupa vimeharibika, na hapo suala ni la daktari wa masikio, pua na koo, labda na upasuaji. Na alama za mfupa zikishuka, hasa kwenye hezi 4000, madhara yameanza kuingia ndani.

Kuhusu kuingia ndani, kuna dawa zinazoweza kulileta jambo hilo. Matone yenye jentamisini au neomisini hununuliwa kwenye kemisti bila mtu kuchungulia sikio. Ngoma ikiwa na tundu, dawa za jamii hiyo zinaweza kufika sikio la ndani na kuua chembe zilezile zinazouawa na kelele. Zikitolewa kwa sindano, madhara ni makubwa zaidi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu sugu walidungwa kanamisini, kapreomisini au amikasini kila siku kwa miezi, hadi Agosti 2018 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba mbili za kwanza hazipendekezwi tena. Kibera imeumizwa na kifua kikuu kwa muda mrefu, na wapo watu waliopona kifua wakabaki na milio masikioni.

Mchoro wa sindano una umbo lake. Huanzia mwisho kabisa wa kulia na kula kuelekea kushoto. Mgonjwa anaweza kuwa na desibeli 15 kwenye hezi 8000 kabla ya dawa, na 45 baada ya mwezi, huku hezi nyingine zote zikiwa hazijatikisika na wastani ukiwa uleule. Wataalamu huhesabu kwamba sikio limeanza kudhurika mlio wa hezi moja ukishuka kwa desibeli 20, au wa hezi mbili zinazofuatana ukishuka kwa 10 kila mmoja. Kanuni hiyo haifanyi kazi bila karatasi ya kwanza. Asiyepimwa kabla ya sindano hana kitu cha kulinganisha nacho.

Mahali pa kupimia pia huandika kwenye karatasi. Watoto wengi wa Kibera na Kawangware hupimwa siku ya kambi ya afya, katika darasa la mabati, nje wenzao wanacheza, jenereta linanguruma na treni ya reli ya zamani inapita kando. Kelele za aina hiyo zina nguvu katika sauti nene. Mtoto mwenye masikio mazima hataisikia hezi 250 wala 500 mpaka zikuzwe hadi desibeli 30 au 40, ilhali 4000 ataisikia kwa 10. Karatasi itaonyesha mstari uliozama kushoto, yaani kitu kinachofanana na mchoro wa msichana wa Gatina. Njia ya kugundua ni rahisi. Mpimaji hujipima mwenyewe kwanza chumbani humo, na akijua anasikia vizuri lakini hezi 500 yake imeshuka, chumba ndicho kinachoumwa. Watoto kumi wa kwanza wakiwa na mzamo uleule kushoto, masikio yote mawili, tena ni chumba. Ndiyo maana uchunguzi wa haraka shuleni mara nyingi huishia kwenye hezi 1000, 2000 na 4000, na ndiyo maana kutofaulu uchunguzi huo ni sababu ya kupelekwa hospitali na hakupaswi kuchukuliwa kuwa hukumu. Kipimo kamili katika chumba kisichopitisha sauti kinapatikana Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, jirani na Kibera, na watoto hufanyiwa tathmini pia katika taasisi ya elimu maalumu ya KISE, Kasarani.

Wastani una kazi yake. Unasaidia nchi kuhesabu, na unasaidia shule kujua ni nani wa kumweka mbele. Msichana wetu akae mbele kuanzia leo, dawa iwe imeanza au haijaanza, kwa kuwa mvua ikinyesha juu ya mabati desibeli 27 huwa nyingi kuliko zinavyosikika. Lakini kifaa cha kusikia hakiwekwi kwa wastani. Hurekebishwa hezi kwa hezi kufuata mchoro. Fundi akipewa kifaa kilichotolewa kwa mtu mwingine, au kinachokuza sauti zote sawa, kitamletea mngurumo wa barabara ambao tayari anausikia na kumwacha na ile s iliyopotea. Atakitia kabatini ndani ya wiki, na jamaa watasema amekataa msaada. Kifaa chake kinapaswa kuziacha hezi za chini ya 1000 karibu zilivyo na kukuza kuanzia 2000 kwenda juu.

Kwa hiyo anayepimwa asiondoke na neno peke yake, liwe “kawaida” au “hafifu”. Aombe karatasi yenye mchoro. Aulize kama mfupa ulipimwa, kama sikio la pili lilizibwa kwa kelele, na kama hezi 3000 na 6000 zilijaribiwa pia. Ahakikishe ina tarehe. Mzazi aitunze pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, fundi aitunze pamoja na kitambulisho, na kila atakayempima tena aonyeshwe karatasi hiyo kabla hajawasha mashine.